Shangazi Anaondolewa

Terho Lampela aliisikia barua ile, hakuisoma. Aliisikia kama alivyosikia barua zote kwa miaka mitatu, kifaa cha sauti kimoja kikiwa kwenye sikio la kushoto, upande wa ukutani, huku sauti ya mwanamke asiye na haraka ikimsomea mstari baada ya mstari. Sauti hiyo alikuwa ameipa jina: Shangazi.

Shangazi alikuwa kiendelezi, kijiprogramu kidogo kilichobandikwa juu ya kivinjari cha kompyuta yake ya ofisini. Ukiburuta kishale juu ya maneno na kubonyeza, anasoma. Alisoma maombi ya wapangaji, malalamiko ya mabomba, tangazo la menyu ya kantini. Majina ya mitaa aliyavunja kama kuni kavu, na Terho alishazoea kuyaunga tena kichwani.

Siku hiyo, Jumatatu ya Juni, Shangazi alisoma hivi:

"Osmo, habari za asubuhi. Baada ya ukaguzi wa usalama wa Aprili, napendekeza tuache mtindo wa kila mtu kujiwekea kiendelezi anachokipenda. Ripoti ya vivinjari inaonyesha zaidi ya viendelezi sitini tofauti katika ofisi yetu. Vingi vina ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila ukurasa, na kurasa zetu zina namba za utambulisho za watu, madeni yao, hata magonjwa yao. Napendekeza sera moja: kila kiendelezi kizuiwe, isipokuwa kilichomo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Orodha ya kuanzia ina vitano: kitunza nywila, kizuia matangazo, cha kutia saini nyaraka, cha mikutano, na cha kunasa picha za skrini. Viwili vya kwanza tutavisambaza wenyewe kwa kila mashine. Vitatu vilivyobaki atajiwekea anayevihitaji."

Terho alishusha kikombe cha kahawa.

"Utekelezaji uwe wa awamu. Kwanza sisi wa tehama, wiki moja. Kisha uhasibu. Kisha watu wote, baada ya likizo. Kukitokea tatizo, kundi husika linarudishwa kwenye sera ya zamani siku hiyohiyo. Viendelezi vinavyotuma yaliyomo kwenye kurasa nje ya ofisi visizimwe tu, viondolewe kabisa. Anayehitaji kingine ajaze ombi kwenye ukurasa wa huduma, aeleze sababu ya kikazi, na mkuu wake aidhinishe. Maombi yaonekane na wote, ili kitu kimoja kisiombwe mara mbili. Nasubiri maoni yako. Venla."

Na juu ya barua hiyo Osmo Hietala, mkuu wa tehama, alikuwa ameongeza sentensi moja kabla ya kuwatumia watu wote: "Pendekezo ni zuri. Mwenye neno aseme kabla ya sikukuu ya Juhannus; asiyejibu tutahesabu amekubali."

Shangazi alisoma hadi nukta ya mwisho kwa sauti ileile aliyosomea menyu. Hakujua kwamba amesoma hukumu yake mwenyewe.

Terho alivua kifaa cha sikio, akakifutafuta kwenye sweta, akakirudisha.

Hakuwa mjinga, na yeyote aliyewahi kumwita mjinga alikuwa hajafanya naye kazi. Kwa miaka kumi na nane alikuwa mtunza nyumba wa taasisi hiyo ya nyumba za kupanga hapo Oulu, kaskazini mwa Ufini: alizoa theluji, alibadilisha makufuli, alizijua ngazi zote za majengo yote kwa sauti ya nyayo zake. Mgongo ulipokataa, wakamwingiza ofisini awe mshauri wa wapangaji, kwa sababu wapangaji walimpenda. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kusoma. Nani amuulize Mfini swali hilo, katika nchi ambamo kila mtu husoma?

Herufi zilikuwa zikimkimbia tangu shule. Akizitazama, zilisongamana kama vifaranga mlangoni. Jina la mtu aliweza kulitambua kwa umbo lake, na tarehe, na namba. Aya nzima ilikuwa msitu. Sirkka, mke wake, alijua, naye peke yake. Jioni baada ya sauna Terho alikuwa akitoa karatasi mkobani, Sirkka anamsomea, yeye anazikariri, kesho anazitolea majibu kwa simu. Wenzake walisema: Terho ana akili ya kumbukumbu, hata hashiki kalamu. Kisha Sirkka akafa, majira ya baridi, wiki mbili kabla ya Krismasi. Siku aliporudi kazini, Terho alihangaika kwenye kivinjari mpaka akampata Shangazi. Hakumpata kwa kusoma, aliongozwa na picha ya mdomo na sikio.

Sasa mwaka mmoja na miezi michache ulikuwa umebaki astaafu.

*

Alhamisi kantini ilikuwa na supu ya njegere, kama Alhamisi zote, na chapati nene ya oveni yenye jamu. Terho na Venla walikuwa na meza yao karibu na dirisha. Venla Kortesoja alipoajiriwa, msichana wa mji wa Kajaani asiyejua mtu, alikuwa amesimama na trei yake katikati ya ukumbi kama aliyeshushwa stesheni isiyo yake, na Terho ndiye aliyesogeza kiti kwa mguu. Tangu siku hiyo walikula supu pamoja. Siku nyingine walizungumza. Siku nyingine walikula tu, na hilo pia lilikuwa urafiki.

"Barua yako ni ndefu, binti," Terho alisema, akiikoroga haradali kwenye supu. "Ulilipwa kwa neno?"

"Umeisoma yote, mzee? Basi uko peke yako. Osmo mwenyewe aliishia aya ya pili."

"Niliifikisha mwisho."

"Na?"

"Na nini?"

"Maoni! Nimetoka jasho wiki tatu, hakuna aliyesema hata 'mh'."

Pirjo wa uhasibu, aliyekuwa meza ya pili na masikio meza zote, akageuka. "Mimi nina maoni. Kile changu cha kuponi za punguzo usikiguse. Bila kile watoto wangu watatembea pekupeku."

"Sababu ya kikazi, Pirjo?"

"Mhasibu mwenye furaha hafanyi makosa. Andika hivyo."

Wakacheka. Terho naye alicheka, akangoja kicheko kitulie, akasema polepole kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu: "Na wale wenye... tuseme, macho mabovu? Wanaokuza maandishi na nini?"

"Hao wajaze ombi. Wala sioni shida."

"Na asiyetaka kujaza?"

"Basi hakihitaji," Venla alisema, akamega chapati. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema kwamba maji hutiririka kwenda chini. Kisha akainamia meza. "Lakini mzee, ninavyokaa na ripoti ile, nywele zinanisimama. Kuna mashine moja, moja tu, ina kiendelezi kinachosoma kurasa kwa sauti. Unajua sauti inatengenezewa wapi? Si kwenye mashine. Kila neno linatumwa kwenye seva ya kampuni fulani huko nje, linageuzwa sauti, linarudi. Kila ukurasa! Mpangaji akiandika kwamba ameshindwa kulipa kwa sababu mume wake anakunywa, mgeni huko anapata habari zote, na jina, na namba ya utambulisho."

Terho hakutafuna tena.

"Miaka mitatu," Venla aliendelea. "Mtu huyo hajui. Nina hakika hajui. Nani angefanya hivyo makusudi?"

"Ni nani?"

"Sikutazama. Ripoti inaonyesha mashine, ningeweza kubofya nikaona jina. Nikasema, ya nini? Nimwaibishe mtu? Nimekiweka kwenye vile vya kuondolewa, Agosti kinatoka chenyewe, na yeye atajua peke yake, na hakuna atakayemnyoshea kidole."

Huo ndio uungwana wa Wafini, nami nimeishi kwao vya kutosha kuujua. Huchungulii dirishani kwa jirani, hata ukiona moshi. Mtu akitaka jambo lake lijulikane, atalisema.

"Umeonyesha adabu," Terho alisema.

"Si ndiyo?"

Terho akabeba trei yake. Supu ilikuwa nusu.

*

Alijaribu. Tusije tukasema hakujaribu.

Siku mbili kabla ya Juhannus, sikukuu ya kilele cha kiangazi, ofisi ikiwa nusu tupu na magari ya walio bado kazini yakiwa yameshapakiwa nyavu na makreti ya bia kwa safari ya vibanda vya mapumziko kando ya maziwa, Terho alifungua ukurasa wa maombi. Shangazi akamsomea. Jina la kiendelezi. Sababu ya kikazi. Mkuu wako wa idara. Chini yake yalikuwepo maombi ya wengine, wazi kwa kila mtu: Pirjo, kuponi, limekataliwa; mtu wa mawasiliano, kipima rangi, limekubaliwa. Kila ombi na jina la mwombaji, na alama ndogo ya macho kuonyesha wangapi wamelitazama.

Aliweka kishale kwenye kisanduku cha sababu. Kwa kidole kimoja akatafuta herufi. Akaandika neno moja, akaliburuta, Shangazi akalisoma: "Siwezi."

Hakuwahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa upole hivyo. Lakini alilitazama tu. Angeongeza nini? Kwamba mshauri wa wapangaji hawezi kusoma barua za wapangaji? Kwamba kwa miaka mitatu siri za watu waliomwamini, watu aliowazolea theluji milangoni, alizipitisha kwa wageni kupitia sikio lake? Na Marketta, mkuu wake wa idara, aidhinishe hilo, na ofisi nzima ibofye na kutazama?

Akalifuta neno. Akazima mashine. Juhannus ikaja na mvua yake, na likizo ya Julai ikafunga ofisi zote nchini kama mtu afungavyo pazia, na hakuna aliyejibu barua ya Osmo. Kimya kikahesabiwa.

Huko kibandani kwake Terho alipasua kuni nyingi kuliko alizohitaji.

*

Agosti, wahasibu walipitia awamu yao bila kelele, ukimtoa Pirjo. Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya watu wote. Venla aliihamisha idara ya wapangaji kwenye kundi la sera mpya, akanywa chai, akaikodolea macho skrini kuona jinsi mashine zinavyoichukua sera moja baada ya nyingine. Hakuna simu ya malalamiko. Alimwandikia Osmo: "Imepita salama."

Kwenye chumba cha tatu, Terho alifungua kivinjari. Pembeni mwa juu, pale palipokuwa na picha ya mdomo na sikio, palikuwa na ngao ya kizuia matangazo na ufunguo wa kitunza nywila. Aliburuta kishale juu ya barua ya kwanza. Akabonyeza. Maneno yakageuka bluu, yakabaki bluu.

Akabonyeza tena. Kisha akatoa kifaa cha sauti sikioni, akakizungushia waya wake, akakitia kwenye droo.

Aliishi kwa simu. "Nipigie," aliwaambia wapangaji, "tuongee kama watu." Wengi walipiga. Aliwakumbuka kwa sauti zao, akawatatulia mambo yao kwa mtindo wa zamani, na wazee walifurahi. Barua alizipanga kwa majina aliyoyatambua kwa maumbo yake: huyu hulalamikia muziki, huyu huomba kulipa kwa mafungu. Alikisia. Alikisia vizuri, maana aliwajua. Nyumbani alikuwa na simu ya vitufe na redio. Jioni alizibeba karatasi zilizochapishwa mpaka meza ya jikoni, akaketi nazo chini ya taa, kiti cha Sirkka mbele yake, akapambana na mstari mmoja mpaka macho yakatoa maji.

Alhamisi alikula supu kimya. Venla alidhani ni kimya chao cha kawaida.

"Umechoka, mzee?"

"Vuli."

"Bado Septemba mwanzo."

"Mimi huanza mapema."

Lakini mtu hawezi kukisia kila kitu.

Veikko Rantamaa na mke wake waliishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Mke alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu kiharusi. Terho aliijua ngazi ile. Alishawahi kumbeba mama huyo mgongoni siku ya moto wa jikoni, kabla mgongo haujamkataa. Kwa miaka miwili alikuwa akiwatafutia nyumba ya chini. Septemba ikapatikana, chumba na sebule, mlango unafunguka kwenye bustani. Terho aliwapigia mwenyewe. Veikko alilia kwenye simu. "Nijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo," Terho akamwambia, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyo: jibu la simu halihesabiki.

Veikko akaandika. Lakini mzee yule, kwa kutojua vizuri vyombo vya kisasa, aliandika kupitia akaunti ya binti yake, aliyeolewa na kubadilisha jina. Kwenye skrini ya Terho likaja jina asilowahi kuliona tangu azaliwe, na chini yake aya ndefu ya shukrani, na katikati ya aya hiyo maneno mawili: tunaikubali nyumba. Terho aliliona jina geni na msitu wa herufi, akaiweka barua hiyo na zile za kungoja. Alingoja jina la Rantamaa. Ijumaa ikapita. Jumatatu, akiwa na wasiwasi, akampigia Veikko.

"Si nilikuandikia!" Veikko alisema, bado akicheka. "Siku ileile! Hujaona?"

Mfumo ulikuwa umeshaipeleka nyumba kwa anayefuata kwenye foleni. Kijana wa miaka ishirini na minne alikuwa ameshatia saini.

*

"Ulikuwa na barua siku tisa," Marketta alisema. Marketta hakuwa mwanamke mkali. Alikuwa amefunga mlango, na akamsogezea Terho kiti. "Siku tisa, Terho. Ilifunguliwa. Mfumo unaonyesha ilifunguliwa."

"Niliifungua."

"Na hukuisoma?"

Terho alitazama nje, ambako mtu alikuwa akifunga baiskeli.

"Kuna jambo nyumbani? Unaumwa?"

"Nimezeeka."

"Kila mtu anazeeka. Siulizi hilo."

"Wewe andika kwamba ni kosa langu, Marketta, kwa sababu ni langu. Na mimi nitatoa notisi. Kiinua mgongo kitapungua kidogo, si neno."

"Sikukuita hapa ili uondoke!"

"Najua hukuniita kwa hilo," Terho alisema, akasimama, akasukuma kiti mahali pake kwa upole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Mama Rantamaa hajatoka nje tangu Mei. Nilimwahidi bustani."

Habari ilifika kantini kabla ya supu. Venla akamkuta kwenye mashine ya kahawa.

"Ni kweli unaondoka?"

"Mwisho wa Oktoba."

"Kwa kosa moja? Mzee, mimi mwaka jana nilizima barua pepe za ofisi nzima kwa nusu siku, wakaniletea keki!"

"Wewe ni kijana."

"Kuna kitu kimeharibika kwenye mashine yako? Nije nitazame?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa, kwa muda wa kikombe kimoja kujaa. Terho alimtazama msichana yule, na midomo yake ikafunguka, Venla aliona ikifunguka. Kisha mashine ikalia kwamba kahawa iko tayari.

"Mashine ni nzima," alisema. "Haijawahi kuwa nzima hivi."

Venla angeweza kuuliza tena. Hakuuliza. Mtu akitaka kusema, atasema.

*

Kahawa ya kuagana ilinywewa kwenye chumba cha mikutano, na keki iliyoandikwa jina lake kwa krimu. Nje kulinyesha theluji ya kwanza, ile mbichi isiyojua bado kama ni theluji au mvua. Osmo alitoa hotuba fupi, akamkabidhi kisu cha kuchonga chenye ala ya ngozi. Marketta akatoa kadi, kubwa, iliyojaa maandishi ya kila mtu, mengine yamepanda pembeni kwa kukosa nafasi.

"Tusomee!" Pirjo akadakia, mdomo una keki. "Kwa sauti! Mimi nimeandika shairi, nataka watu wateseke."

"Soma, soma," wengine wakasema.

Terho aliifungua kadi. Akaishika mbali kidogo, kama wafanyavyo wenye umri wake. Akatabasamu. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka, bila yeye kujua, ukagusa sikio. Kidole kikatafuta kitu pale, kikabonyeza hewa.

Venla aliuona mkono huo. Alikuwa ameuona Alhamisi nyingi, alipompitia chumbani kwake kabla ya supu na kumkuta mbele ya tangazo la menyu kwenye skrini. Alidhani mzee anasikiliza mpira wa magongo kwa siri, na mara moja alimtania kuhusu hilo. Waya mweusi, sikio la kushoto, upande wa ukutani. Waya ambao hakuuona tangu Agosti. Akatazama macho ya Terho juu ya kadi. Hayakuwa yakitembea. Yalisimama mahali pamoja, kama ya mtu anayetazama maji.

Mashine moja. Moja tu.

"Nitaisoma nyumbani," Terho alisema, akaifunga. "Nikilia hapa mtanicheka."

Wakampigia makofi.

Nyumbani, Venla aliwaza. Nyumbani kuna nani?

Alimkuta kwenye kibanda cha baiskeli, anafuta theluji kwenye kiti kwa mkono wa koti. Venla alikuwa ametoka bila koti.

"Utashikwa na mafua, binti."

"Ilikuwa mashine yako."

Terho aliendelea kufuta kiti kilichokwisha kukauka.

"Vipo vingine," Venla alisema. "Vipo vinavyosoma kwa sauti ya mashine yenyewe, havitumi kitu popote. Hata kivinjari kina cha kwake. Ningekitia kwenye orodha ndani ya siku mbili tu. Siku mbili, mzee! Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukutazama?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

"Nilidhani ni adabu."

"Ilikuwa adabu. Nami nilikushukuru moyoni." Akapumua, mvuke ukamfunika uso. "Ulikuwa sahihi pia. Yule Shangazi wangu alikuwa mmbea. Sikujua. Watu wangu wote aliwasema huko nje."

"Rudi. Nitazungumza na Marketta, nitazungumza na Osmo, leo hii."

"Nyumba ya Rantamaa itarudi?"

Venla alitikisa kichwa.

"Basi," Terho alisema. Akatoa kadi kifuani, akaitazama, akampa. "Nisomee hii. Polepole. Usiyavunje majina."

Wakasimama chini ya paa la bati. Venla akasoma. Alisoma maneno ya Marketta, na ya Osmo, na shairi la Pirjo ambalo kweli lilikuwa mateso, na Terho akacheka mahali palipostahili. Alisoma ya pembeni, akiigeuza kadi kama usukani. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Kila alipomaliza jina Terho aliitikia kwa kichwa, akiliweka mahali pake, kama alivyofanya kwenye meza ya jikoni miaka yote ile.

Ya mwisho ilikuwa ya kwake mwenyewe. Aliiandika Jumanne, akicheka peke yake, akiona ni utani mzuri.

"Endelea," Terho alisema. "Imebaki moja. Naona wino."

"'Mzee Terho,'" Venla alisoma. "'Kila Alhamisi utakuja kula supu nami, hata ukistaafu. Asiyejibu nitahesabu amekubali. Venla.'"

Theluji ilikuwa imeamua kuwa theluji. Terho aliichukua kadi, akaitia kifuani, akafunga koti mpaka kidevuni. Akampigapiga bega mara moja, kama mtu anavyopiga mlango anaoujua. Akapanda baiskeli.

Hakujibu.

Alhamisi iliyofuata Venla alikaa kwenye meza ya dirishani, akasogeza kiti cha mbele yake kwa mguu, kiasi cha mtu kuweza kukaa. Alikula polepole sana. Alikula mpaka haradali ikakauka kwenye ukingo wa sahani, mpaka ukumbi ukabaki na yeye na mhudumu, na mhudumu akaanza kufuta meza, akazifuta zote, yake akaiacha ya mwisho.